Kadi ya kumuaga mwenzako: Andika ulichokiona, si "kila la kheri"



Iko sentensi moja ambayo kila aliyewahi kufanya kazi ofisini katika miji yetu anaifahamu. Inasema: "Tunakutakia kila la kheri katika shughuli zako za baadaye." Sentensi hii ni tafsiri ya Kiingereza cha maofisini, na imekaa kwetu muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeuliza imetoka wapi. Mtu akistaafu, anaandikiwa hiyo. Akihamishwa mkoa, hiyo. Akienda masomoni, hiyo hiyo.

Lakini iangalie vizuri utaona jambo la ajabu. Mtu aliyeomba kazi akakataliwa, barua ya kumkatalia nayo humalizia hivyo hivyo. Na mtu aliyepunguzwa kazini, barua ya kumuondoa nayo humtakia kila la kheri katika shughuli zake za baadaye. Kwa maana hiyo, mzee aliyetumika nasi miaka 30 na kijana ambaye hatukutaka hata kumuona kwenye usaili wanapewa maneno yale yale. Maneno yanayomfaa kila mtu namna hiyo hayawezi kumwambia mtu mmoja kwamba yeye alikuwapo, na kwamba tulimuona.

Sasa linganisha na yanayosemwa kwenye matanga. Mtu yule yule akifariki, watu wakikaa barazani baada ya maziko, hakuna anayesema "alikuwa na shughuli njema." Utasikia: "Huyu bwana siku ile mvua imekata barabara, alinibebea mtoto mpaka zahanati." Mwingine atasema: "Mimi ada ya muhula wa kwanza alinilipia yeye, na hakuwahi kunikumbusha." Mambo ni ya wazi, yana siku na mahali, na kila mtu analo lake. Tatizo ni kwamba mwenyewe hayupo kuyasikia. Alipokuwa hai, akiwa ameshika kadi yetu mkononi, tulimpa "kila la kheri". Akiba ya maneno yenye uzito tuliiweka kwa ajili ya siku ambayo hatayasikia.

Makala hii nakusudia kueleza namna ya kuandika maneno machache ya kumuaga mtu, yawe ya kwenye kadi, kwenye karatasi, au ujumbe wa simu, ili yabebe kumbukumbu ya kweli mliyoshirikiana. Nitaeleza hatua zake, nitaleta mfano mmoja mpaka mwisho, kisha nitataja mipaka yake, kwa sababu jambo hili likifanywa ovyo linaweza kuleta madhara.

TALHA ALIINUKA

Tuanze na kisa ambacho wengi tumekisikia misikitini, ila sehemu yake moja ndogo hupita bila kutazamwa. Ni kisa cha Swahaba Ka'ab bin Malik (R.A.), aliyebaki nyuma katika msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Yeye na wenzake wawili walikiri ukweli mbele ya Mtume (S.A.W.), na watu wakaamrishwa wasizungumze nao. Wakakaa katika hali hiyo usiku 50, mpaka toba yao ilipoteremshwa.

Asubuhi ile habari ilipotangazwa, watu walimpokea Ka'ab makundi kwa makundi, wakimpongeza kwa toba. Alipoingia msikitini, Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa na watu wamemzunguka. Akainuka Talha bin Ubaydillah (R.A.), akamwendea kwa haraka, akampa mkono na kumpongeza. Ka'ab anasimulia kwamba katika Muhajirina hakuinuka mwingine ila yeye, na kwamba jambo hilo hakumsahau nalo Talha. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na kimetufikia kupitia kwa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akimshika mkono babaye na kumuongoza njia pale alipokuwa amepofuka uzeeni. Maana yake, miaka mingi ilikuwa imepita, macho yameondoka, na bado Ka'ab anaona mtu mmoja akiinuka msikitini.

Msomaji, tazama kumbukumbu hiyo imejengwa kwa vitu gani. Iko na mahali, nao ni msikitini. Iko na wakati, nao ni asubuhi ile ya toba. Iko na kitendo cha mwili: aliinuka, akaenda haraka, akatoa mkono. Na iko na athari iliyobaki, kwamba sikumsahau nalo. Hakuna sifa ya jumla hata moja. Ka'ab hakusema Talha alikuwa mkarimu, mwema, mwenye ushirikiano. Alitaja alichokifanya, na wema wake ukaonekana wenyewe.

Hapo ndipo zinapotoka hatua zetu: mahali na wakati, kitendo, na kilichobaki kwangu. Baada ya hayo ndipo dua.

KADI YA MZEE WA MASIJALA

Mwaka 2022 karani wa masijala katika ofisi moja hapa mjini alikuwa anastaafu, ametimiza miaka 60. Kadi ilizungushwa meza kwa meza. Ilipofika kwa afisa mmoja kijana tayari ilikuwa na sahihi kumi na kitu, na juu ya kila sahihi neno lile lile: "Kila la kheri", "Maisha mema ya kustaafu", "Tutakukumbuka daima." Kijana akaniletea.

"Shikamoo mzee. Nisaidie neno zuri la kuandika, hili la kila la kheri limeshaandikwa na wote."

"Marahaba mwanangu. Kwanza wewe umeandika nini kichwani?"

Akasema alitaka kuandika hivi: "Asante kwa ushirikiano wako mzuri. Ulikuwa mchapakazi na mwalimu kwetu sote."

Nikamwomba afanye jaribio moja. Afunike jina la mzee kwa kidole, kisha ajiulize kama maneno yale yanaweza kupewa dereva, au mhasibu, au mhudumu wa chai. Akacheka. Yanaweza kupewa wote watatu. Basi bado hayajamfikia mzee wa masijala.

Nikamuuliza swali la pili: "Unasema alikuwa mwalimu. Alikufundisha nini, lini, mkiwa wapi?" Hapo akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusimulia mwenyewe bila kuulizwa tena.

Wiki yake ya kwanza kazini, Machi 2017, alipewa jalada aandike dokezo. Wanaofanya kazi za ofisi wanajua kwamba kila barua inayoingia kwenye jalada hupewa namba yake, inaitwa folio, nayo huandikwa pembeni mwa karatasi kwa juu. Ukisoma dokezo limeandikwa "tazama folio 47", unafunua namba hiyo na barua unaiona. Katika jalada lile ilikuwapo 46, ikafuata 48. Barua ya 47 haikuwapo, na ndiyo iliyokuwa inatakiwa. Kijana akajua amekwisha.

Mzee alikuwa ameshafunga masijala, mkoba uko begani. Akafungua tena. Hakupekua jalada lile tena, bali alitoa majalada yaliyokuwa yamekaa kushoto na kulia kwake kwenye rafu, na mengine yaliyotoka siku moja nalo. Karibu na Magharibi barua ikaonekana, imefungwa ndani ya jalada lisilo lake. Mzee akasema: "Karatasi haipotei, hukaa vibaya." Tangu siku hiyo kijana hapokei wala harudishi jalada lolote kabla ya kuhesabu folio zake.

Nikamwambia: "Kadi yako umeshaimaliza. Iandike kama ulivyonisimulia."

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaza ukurasa. Tukapunguza. Nafasi ya mtu mmoja kwenye kadi haizidi sentensi nne au tano, na mtu akiandika zaidi huwanyima wenzake. Tuliondoa maelezo ya hofu yake mwenyewe, kwa sababu kadi ilikuwa ya mzee, si ya kijana. Tuliondoa pia sentensi iliyosema "na hukunisema kwa bosi." Ni kweli mzee hakumsema, na kijana aliliona hilo kuwa ndilo wema mkubwa. Lakini kadi ile itasomwa na bosi mwenyewe, mbele ya watu, na mzee aliyetunza siri angeonekana kama mtu aliyekuwa akificha mambo ya ofisi. Shukrani hiyo nikamshauri aipeleke kwa mdomo.

Kilichobaki kikawa hivi:

"Mzee wangu, wiki yangu ya kwanza hapa folio 47 haikuonekana, nawe ulikuwa umeshafunga. Ukafungua tena, tukapekua majalada ya jirani mpaka karibu na Magharibi, tukaipata. Ukaniambia karatasi haipotei, hukaa vibaya. Mpaka leo sigusi jalada bila kuhesabu folio. Allah akulipe kheri, na akufungulie milango kama ulivyonifungulia siku ile."

Siku ya hafla mzee alisoma kadi akiwa amesimama. Sahihi nyingine alizipitia kwa haraka, akitabasamu kwa adabu. Alipofika hapo akasimama. Akamtafuta kijana kwa macho, akasema: "Haikuwa folio 47 bwana. Ilikuwa 57. Na ilikuwa Alhamisi, maana kesho yake tulikwenda Ijumaa pamoja."

Wapo waliocheka wakidhani kijana ameumbuka. Mimi naona kinyume chake, na hilo ndilo jaribio la pili ninalowapa wasomaji. Kumbukumbu ya kweli ni ile ambayo mwenyewe anaweza kuisahihisha. Hakuna mtu duniani anayeweza kukusahihisha ukimwambia "ulikuwa na ushirikiano mzuri", kwa sababu hakuna kitu ndani yake cha kukosea. Lakini mzee alikuwa na siku ile ile ndani ya kichwa chake, miaka mitano baadaye, na kumbe alikuwa hajui kwamba mwenzake naye anayo.

NAMNA YA KUIPATA KUMBUKUMBU

Wengi wanaosema "mimi sina cha kuandika" wanacho, ila wanatafuta jambo kubwa. Wanatafuta siku mzee alipookoa ofisi kuungua moto. Hilo halikutokea. Talha naye hakufanya jambo kubwa, aliinuka tu. Kwa hiyo usijiulize "alifanya jambo gani kubwa?" Jiulize maswali mepesi zaidi. Mara ya kwanza kuonana naye alifanya nini? Neno gani lake huwa nalisema mimi sasa? Kitu gani hapa ofisini, au darasani, au msikitini, nakifanya kwa namna yake? Swali la mwisho ndilo huleta mengi, kwa sababu mazoea ya mtu huhamia kwa wenzake bila wao kujua.

Jambo jingine ni utaratibu wa kadi yenyewe. Kadi ikizungushwa asubuhi ya siku ya kuaga, mtu wa kwanza akiandika "kila la kheri", wa pili ana dakika moja tu, macho yake yanaangukia pale pale, naye anaandika hilo. Ukisoma kadi nyingi utaona maneno ya wa kwanza yanashuka mpaka chini kama mistari ya imla. Dawa yake ni nyepesi. Anayeshughulikia hafla awape watu vikaratasi vidogo, kila mmoja chake, wiki moja kabla. Badala ya kusema "andika neno la kumuaga", aseme: "Andika jambo moja ulilomuona akilifanya." Kisha vikaratasi vibandikwe ndani ya kadi kubwa au daftari. Katika makundi ya simu ni vivyo hivyo. Ujumbe wa kwanza ndio huamua hamsini zinazofuata, kwa hiyo anayeanza aanze na kumbukumbu.

Na kama kweli humfahamu mtu huyo, mmeonana kwenye ngazi tu? Basi usibuni. Kumbukumbu ya kutunga ni uongo, hata ukiupamba kwa nia njema. Andika kidogo kile cha kweli: "Kila asubuhi ulinitangulia kwa salamu pale getini." Hilo nalo ni jambo, na ni la kweli. Ukikosa hata hilo, omba dua tu na utie sahihi. Dua ya kweli ni bora kuliko kumbukumbu ya bandia.

MIPAKA

Sasa mipaka, nayo ni mitatu.

Wa kwanza ni kusifu kupita kiasi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Mtume (S.A.W.), na Mtume akamkemea kwa kumwambia kwamba amemkata mwenzake shingo. Kisha akafundisha kwamba ambaye hana budi kusifu, na analijua hilo kwa mwenzake, aseme anamdhania hivyo, na kwamba hesabu yake iko kwa Allah, na asimtakase mtu mbele ya Allah. Sasa tazama kadi zetu zilivyo: "Hakuna kama wewe", "Ulikuwa nguzo ya ofisi", "Pengo lako halitazibika." Haya ndiyo makatazo yenyewe. Kumbukumbu maalumu inamsalimisha mwandishi na jambo hilo, kwa sababu humtolei mtu hukumu ya maisha yake yote. Unatoa ushahidi wa siku moja uliyoishuhudia kwa macho yako. Ulisema alifungua mlango baada ya kuufunga, na kweli aliufungua.

Wa pili ni sitara. Kadi inasomwa na watu, inapelekwa nyumbani, inasomwa na mke au mume na watoto. Mambo ya maradhi, madeni, ugomvi wa nyumbani, au siku mwenzako alipolia chooni, hayaandikwi hata kama wewe ndiye uliyemfariji na ndiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote. Na utani ambao mnauelewa wawili tu huweza kusomwa vingine na wa tatu. Kwa mwanamke kumuandikia mwenzake mwanamume, na mwanamume kumuandikia mwanamke, kumbukumbu iwe ya kazi, iliyofanyika mbele ya watu, na iandikwe kwa lugha ambayo ungeridhika aisome mkewe au mumewe. Kipimo ni hiki: je, ungesimama kuisoma kwa sauti hapo ukumbini? Kama hapana, ipeleke kwa mdomo faraghani au iache.

Wa tatu ni ile desturi ya kuandika "kama kuna mahali nimekukosea nisamehe." Nayo imekuwa sentensi ya muhuri kama zile nyingine. Kama huna ulilomkosea unalolijua, haidhuru. Lakini kama unajua, kwamba siku fulani ulimsingizia, au ulimnyima haki yake, basi kadi si mahali pake. Haki ya mtu hairudishwi kwa "kama kuna mahali". Nenda kwake kabla hajaondoka, taja jambo lenyewe, umwombe radhi. Hapo pia umaalumu unatakiwa kuliko jumla.

NA DUA JE?

Huenda mtu akasema: kwani "kila la kheri" si dua? Asili yake ni dua, wala sisemi ni neno baya. Ninalosema ni kwamba dua ya kuagana tuliyofundishwa haikuja kwa jumla hivyo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alipomuaga msafiri alikuwa akimkabidhi kwa Allah vitu vitatu kwa kuvitaja: dini yake, amana yake, na mwisho wa matendo yake. Wanavyuoni wameieleza amana hapo kuwa ni pamoja na watu wake na mali anayoiacha nyuma. Msafiri yuko hatarini kupoteza hayo hasa: safari humlegeza mtu katika ibada, nyumba yake hubaki bila mwenyewe, na hajui kama atarudi. Dua imemtazama yeye na hali yake.

Nasi tufanye hivyo. Kumbukumbu itangulie, na dua itoke ndani yake. Aliyechosha macho kwa majalada, muombee nuru ya macho yake. Aliyekuwa akiacha chai yake kwa mlinzi, muombee riziki isiyokatika. Anayehamia mkoa asikomfahamu mtu, muombee jirani mwema. Maneno ni machache tu, na anayeyapokea atajua kwamba yameandikwa kwa ajili yake.

Wiki hii, katika ofisi yako au mtaani kwako, huenda kuna kadi inazunguka. Ikifika mezani kwako, usitazame waliokutangulia wameandika nini. Funga macho kidogo, mtafute mwenzako mahali ulipomuona akifanya jambo, kisha shika kalamu.

Wabillahi Tawfiq.